Mwenye duka anapokwama mbele ya kamera: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Narekodi video fupi za wenye maduka hapa Dar es Salaam. Huwa ni dakika moja au chini yake, mwenye duka mwenyewe anaongea akiitazama kamera, bila karatasi mkononi, akiwa ameshika kichwani hoja tatu tu. Inaonekana kazi nyepesi mpaka uijaribu. Mtu anayeuza kwa mdomo wake tangu asubuhi hadi jioni, akiwekewa simu mbele anageuka mtu mwingine kabisa.

Nitaeleza makosa ninayoyakuta mara nyingi kwa kufuata duka moja la vifaa vya ujenzi, upande wa Mbagala. Mwenye duka ni mama wa makamo, naye alitaka video ya kuwaeleza wateja namna ya kununua bati bila kuumia. Siku ya kwanza tulirekodi karibu saa nzima na hatukupata hata kipande kimoja cha kutumia. Kila tatizo nililowahi kuliona lilitokea siku ile, moja baada ya jingine.

Dalili: anaongea kama mwanafunzi anayeghani shairi

Sauti inapanda na kushuka kwa mpigo uleule. Kila sentensi inaisha sawasawa na iliyotangulia. Maneno yenyewe ni sahihi, lakini ukisikiliza hupati hamu ya kununua hata msumari.

Mama alikuwa ameandikiwa maelezo na kijana wake, ukurasa mzima, akayakariri usiku. Yalianza hivi: "Ndugu wateja wetu wapendwa, ningependa kuchukua fursa hii kuwafahamisha mambo matatu muhimu yahusuyo ununuzi wa mabati." Hicho ni Kiswahili cha risala. Hakuna anayeongea hivyo akiwa amesimama nyuma ya kaunta, na ulimi unajua. Ukiulazimisha kubeba maneno ambayo si yake, unayabeba kama mzigo wa mtu mwingine, kwa uangalifu na bila uhai.

Chanzo basi si woga, ingawa wengi wanadhani ni woga na kuanza kumwambia mtu ajiamini. Chanzo ni kwamba amekariri sentensi badala ya hoja. Kuna jaribio ninalotumia kuhakikisha. Akiwa katikati ya maelezo, mkatishe kwa swali la kawaida, mfano: "Mama, hilo bati ni la rangi gani?" Ajibu, kisha umwombe aendelee. Aliyeshika hoja ataendelea pale alipoachia. Aliyekariri sentensi atakwambia, "Ngoja nianze tena." Mama alinijibu hivyo mara tatu.

Dawa yake tuliipata kwa bahati. Nilikuwa nakunja stendi ya simu, nimeshakata tamaa ya siku ile, akaingia fundi kijana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu."

"Naulizia bati geji 30. Mwenye nyumba kaniambia ndilo zito."

Mama akavuta vipande viwili vya bati kutoka chini ya kaunta, akavikunja kimoja baada ya kingine kwa vidole mbele ya yule kijana, akamweleza geji, ile namba ya unene, akamwambia namna ya kuhesabu idadi, akamalizia kwa kumwonya mahali pa kupigilia msumari. Hakupepesa wala hakutafuta neno. Zilikuwa hoja zilezile tatu za kwenye karatasi, na hazikufika dakika moja.

Siku hizi naanza hapo. Kabla ya kuandika chochote, namwomba mwenye duka amweleze mtu halisi jambo hilo, iwe ni msaidizi wake, jirani au mteja, nami nasikiliza. Maneno atakayotumia hapo ndiyo skripti. Kazi yangu inabaki kuyapunguza.

Dalili: hoja ya pili inayeyuka

Ya kwanza anaisema vizuri na ya tatu anaikumbuka. Ya katikati inapotea, au inakuja imechelewa: "Ee, na pia nilisahau kusema..."

Ukiona hivyo, usimlaumu kumbukumbu yake. Angalia mpangilio. Karatasi ya mama ilikuwa na hoja hizi: ubora wa bati, bei nafuu, ushauri wa kitaalamu. Hizo hazifuatani. Ubora hauongozi kwenye bei, na bei haiongozi kwenye ushauri. Unaweza kuzipanga kwa namna yoyote na hakuna kitakachoharibika, na hapo ndipo penye kosa. Hoja isiyosukumwa na mwenzake haina mahali pa kushika kichwani.

Kingine ni kwamba hizo ni majina ya mafungu tu. "Ubora" si jambo la kusema, ni kabati lenye mambo kumi ndani. Akifika hapo mbele ya kamera inabidi alifungue na kuchagua, wakati sekunde zinakwenda.

Tulizipanga upya kwa kufuata njia anayopita mteja mwenyewe. Kwanza anachagua unene. Akishachagua, anahesabu mangapi yanahitajika. Yakishafika nyumbani, yanapigiliwa. Huwezi kuhesabu kabla ya kuchagua, wala kupigilia kabla ya kununua, kwa hiyo kila hoja inaita inayofuata. Tukazipa majina ya neno mojamoja: *namba, kufunika, mgongo.* Maneno hayo matatu ndiyo muhtasari wote aliopaswa kuubeba kichwani.

Kisha tukaweka vitu. Juu ya kaunta, kuanzia mkono wake wa kushoto: vipande viwili vya bati, futi ya kupimia, na msumari wa bati. Alipomaliza hoja moja, mkono ulikwenda kwenye kitu kilichofuata, na mkono ukauvuta ulimi. Sijaona njia ya kukumbuka inayomfaa mfanyabiashara kuliko hii, kwa sababu ndiyo anayoitumia kila siku bila kujua. Hauzi kwa kukumbuka orodha, anauza kwa kushika bidhaa.

Kujua kama mpangilio umekaa sawa, mwombe azitaje hoja tatu kwa kurudi nyuma, ya tatu mpaka ya kwanza. Akiweza bila kusita, zimeingia. Akilazimika kuanza ya kwanza kimyakimya ili afike ya tatu, bado anakariri wimbo.

Dalili: macho hayatulii

Hapa watu huchanganya matatizo mawili yanayofanana, na kila moja lina dawa yake.

Tazama video uliyorekodi bila sauti. Kama macho yanapaa juu au pembeni mwanzoni mwa kila sentensi kisha yanarudi, mtu anatafuta maneno. Hilo ni tatizo la kukariri, na dawa yake ni hiyo niliyokwisha kueleza. Hakuna hila ya kamera itakayoliondoa.

Lakini kama macho yametulia ila yanatazama kidogo chini au kando ya mtazamaji muda wote, mtu anajitazama mwenyewe. Ametumia kamera ya mbele, na sura yake iko kwenye kioo cha simu. Jicho la kamera liko ukingoni mwa simu, na uso wake anauona katikati. Umbali ni wa vidole vichache tu, lakini mtazamaji anauhisi, anaona kama anayeongea naye anakwepa. Geuza simu utumie kamera ya nyuma. Ikiwa yuko peke yake na lazima atumie ya mbele, kata kipande cha karatasi ufunike kioo chote, ubakize nafasi ya jicho la kamera tu. Mama alilalamika kwamba sasa hajioni kama kilemba kimekaa vizuri. Tukamtafutia kioo cha kawaida, akakitazama mara moja kabla ya kuanza, tukakiweka pembeni.

Kuna wakati macho yanatakiwa yaondoke kwenye kamera, nao ni pale anapookota kitu. Akitazama bati analolinyanyua, mtazamaji naye analitazama. Kisha anarudisha macho na kusema la maana. Hii ni faida nyingine ya vitu vya kaunta. Inampa mahali halali pa kupumua.

Dalili: video inafika dakika mbili na nusu

Mara nyingi utakuta ndani ya hoja moja mmejificha mbili. Mama alipoongelea geji aliingiza na rangi, kuna zinazopauka upesi na zisizopauka. Ni kweli na ni muhimu, lakini ni video nyingine.

Mimi nagawa hivi: sentensi ya kufungua na ya kufunga, sekunde tano au sita kila moja, na kila hoja kama sekunde kumi na tano. Ndani ya sekunde hizo kumi na tano kuna nafasi ya mambo matatu tu: jambo lenyewe, kwa nini liko hivyo, na kitu cha kuonyesha. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo ukihesabu maneno usishangae kuona ni machache. Skripti ya mama ilikuwa maneno mia na kidogo, na akisema kwa utulivu inafika sekunde hamsini na kitu. Nimeona wenye maduka wakijaribu kuingiza maneno mia mbili kwenye dakika moja. Wanaweza, ila wanaongea kama mtangazaji wa mnada.

Hii ndiyo skripti kama ilivyokaa mwishoni. Niliyoyawekea mlazo ndiyo pekee aliyotakiwa kuyashika neno kwa neno:

*"Ukinunua bati bila kuuliza geji, unaweza kulipia bati jembamba kwa bei ya nene."*

(Ananyanyua vipande viwili.) "Hili geji 28, hili geji 30. Wengi wanadhani 30 ni nene kwa kuwa namba ni kubwa. Ni kinyume. Namba ikipanda, unene unapungua. Ona linavyokunjika."

(Anavuta futi.) "Ukishachagua, hesabu. Hili lina upana wa sentimita 90, ila likilaliana na mwenzake linafunika 76. Paa la urefu wa mita 9, ukigawa kwa 90 utanunua 10. Fundi atakwama juu, maana zinatakiwa 12."

(Anashika msumari.) "Na akishapanda juu, apigilie mgongoni, asipigilie bondeni. Maji ya mvua yanapita bondeni. Ukitoboa pale, umeyafungulia mlango."

*"Njoo na vipimo vya paa lako kwenye karatasi, nikuhesabie kabla hujatoa hela."*

Hesabu ile ya mabati ilikuwa imechukua dakika nzima siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa akieleza kugawanya. Mtazamaji hahitaji kugawanya. Anahitaji kusikia 10, kisha 12, ashtuke. Mita 9 ni sentimita 900. Ukigawa kwa 76 unapata 11 na zaidi ya nusu, na kwa kuwa huwezi kununua kipande cha bati, unachukua 12. Hayo atayaeleza dukani mteja akifika. Na namba za upana ni za bati lile alilolipima mama kwa futi yake. Mabati hayafanani, kwa hiyo anayetaka kuiga video hii apime la kwake.

Dalili: mwanzo unababaika, mwisho haufiki

"Haya... ee... habari zenu... leo tuko hapa..." Na kule mwisho: "Basi karibuni sana, na tuna saruji pia, na nondo, eee, basi, asanteni, karibuni."

Nimesema kukariri sentensi kunaua video, nami nasimamia hilo, isipokuwa mahali pawili: sentensi ya kwanza na ya mwisho. Ya kwanza kwa sababu ndipo moyo unapodunda zaidi, na mtu anahitaji kitu cha kushika bila kufikiri. Ya mwisho kwa sababu mtu asiyejua mahali pa kusimama ataendelea kutembea. Zote mbili ziwe fupi kiasi cha kusemwa kwa pumzi moja, na ziandikwe kwa maneno yake. Ya mama ya mwisho ilitoka kinywani mwake alipokuwa akiongea na yule fundi.

Kama bado anababaika mwanzoni, sikiliza kama anasalimia. Salamu ina haki yake kwa mtu aliyeingia dukani, lakini ukimsalimia kila mtu kwa jumla, "habari zenu wote mliopo," umeshajikuta unahutubia umati. Kamera ni mtu mmoja. Nilimwambia mama aongee na yule fundi, na kila nilipomsikia anasema "ninyi" nilimsimamisha. "Wewe" inabadilisha sauti yenyewe, inashuka na kupata joto.

Dalili: kila akirudia inazidi kuwa mbaya

Akiteleza neno moja anarudi mwanzo. Akifika mara ya nane, sentensi ya kufungua ameisema mara nane na hoja ya tatu ameisema mara mbili. Uso umechoka na ile hoja ya tatu bado ni ngeni.

Hapa kosa huwa la anayerekodi, nami nimelifanya sana. Mruhusu kurudia kutoka mwanzo wa hoja aliyoteleza, si kutoka mwanzo wa video. Akikosea, anyamaze, ahesabu moja mbili kimoyomoyo, arudishe mkono kwenye kitu cha hoja ile, aanze tena. Kile kimya kitakusaidia kupajua mahali pa kukata. Ukitaka mkato usionekane, sogeza simu karibu kidogo kabla hajaendelea, au kata pale mkono unapookota kitu. Mkato kwenye mkono unaokwenda hauonekani kama ule wa uso uliotulia, ambao kichwa kinaruka ghafla.

Mara tatu mfululizo zikishindikana, zima simu na mpe maji. Ahudumie wateja wawili watatu ndipo mrudi. Video tuliyoitumia ilikuwa ya siku ya pili, mara ya nne, baada ya kuuza mifuko ya saruji katikati.

Dalili: anaonekana mkali

Hii ilinichukua muda kuielewa. Maneno ni ya upole, lakini kwenye video anaonekana anagomba. Kumbe barabara iko nje, daladala zinapiga honi, naye anapaza sauti kuzishinda. Sauti iliyopazwa inakaza shingo na kukunja uso, na pia inamharakisha. Kwenye duka la bati ni zaidi, maana yale mabati yaliyosimamishwa ukutani yanarudisha kila kelele.

Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo inamaliza sehemu kubwa ya tatizo, kwa sababu anaweza kuongea kwa sauti ya kaunta. Bila maiki, sogeza simu iwe umbali wa mkono mmoja kutoka kwake, uning'inize turubai au blanketi mbele ya mabati yaliyo karibu, na urekodi asubuhi kabla barabara haijachangamka. Asubuhi pia mwanga wa mlangoni ni mzuri. Uso wake uelekee mlango, asiupe mgongo.

Pale ambapo njia hii haifai

Kuna mambo ambayo hoja tatu za kichwani hazitayabeba. Orodha ya bei ni mojawapo, masharti ya malipo ya awamu ni jingine, na namba za simu. Vitu hivi vinataka usahihi wa tarakimu, na mtu anayekumbuka tarakimu uso wake unaganda, hata kama mengine yote ameyaweza. Viandikwe chini ya video au viwekwe kama maandishi kwenye picha. Mama alitaka sana kutaja bei ya bati la geji 28 kwenye hoja ya kwanza. Nilimwomba aiache, kwa sababu video itazunguka WhatsApp miezi mingi wakati bei ya bati ikiwa imebadilika, na mteja atakuja nayo kwenye simu amwonyeshe.

Mama aliweka bei kwenye ubao pale mlangoni, kwa chaki.